Kipimo Changu cha Kwanza Kilisema Sina Siliaki

Karatasi ya kwanza ya majibu yangu ilikuwa na mstari mmoja tu uliohusu swali nililokuwa nalo. Uliandikwa tTG-IgA, yaani kipimo cha damu cha siliaki, thamani 4, kikomo cha kawaida 10, na pembeni mwake neno «hasi». Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaamini kwamba suala la siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili huharibu utumbo mwembamba mtu anapokula ngano, limekwisha. Karatasi ile haikusema uongo hata kidogo. Tatizo ni kwamba siku damu ilipotolewa nilikuwa nimekaa miezi saba bila kula ngano, na hakuna mahali popote kwenye fomu ya maabara palipouliza jambo hilo.

Naandika haya kwa sababu kosa nililolifanya ni la kawaida sana kwa watu wenye dalili kama zangu, na kwa sababu lingeepukika kwa swali moja ambalo halikuulizwa na yeyote, nami mwenyewe nikiwemo.

Dalili zangu zilianza na uchovu usioelezeka na tumbo lililojaa gesi kila jioni. Vipimo vya damu vikaonyesha upungufu wa madini ya chuma: akiba yake mwilini, ambayo hupimwa kwa feritini, ilikuwa imeshuka mno, na vidonge vya chuma nilivyomeza kwa miezi mitatu havikuipandisha kama ilivyotarajiwa. Daktari wa kwanza alihofia kwamba ninapoteza damu tumboni, akaagiza endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Kamera haikuona kidonda wala uvimbe. Vipande vya nyama vilichukuliwa kutoka tumboni peke yake ili kutafuta bakteria wa vidonda, na kuhusu duodeni, sehemu ile ya kwanza ya utumbo mwembamba, ripoti iliandika kwamba inaonekana ya kawaida. Wakati huo nilikuwa bado nakula mkate wa ngano kila siku. Nikitazama nyuma, ile ndiyo nafasi bora niliyowahi kuwa nayo, ikapita.

Baada ya hapo nilichoka kungoja. Rafiki aliniambia kwamba yeye alipata nafuu alipoacha ngano, nami nikaacha: mkate, tambi, biskuti, hata michuzi iliyokolezwa kwa unga. Ndani ya wiki tatu tumbo lilitulia. Baada ya miezi minne hivi uchovu ukapungua, na feritini ikaanza kupanda. Nilipomweleza daktari mwingine habari hiyo kwa furaha, aliniuliza kama nimewahi kupimwa siliaki, na nilipojibu kwamba sijawahi, akaagiza kipimo. Sikumwambia waziwazi kwamba sili ngano kabisa. Nilisema tu kwamba nimepunguza. Usiku wa kuamkia kipimo nilikula vipande vitatu vya mkate, nikidhani kwamba hiyo inatosha kuuamsha mwili ili ugonjwa, kama upo, uonekane.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Gluteni ni kundi la protini zilizomo katika ngano, na protini za jamii hiyo zimo pia katika shayiri na rai. Mwili wa mtu yeyote hushindwa kuimeng'enya gluteni kikamilifu, hivyo vipande vyake virefu hubaki utumboni. Kwa mtu mwenye siliaki, vipande hivyo vikipenya ukuta wa utumbo hukutana na kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminesi, ambacho huvibadilisha kidogo tu kikemia. Badiliko hilo dogo huvifanya vishikwe kwa nguvu na molekuli za kinga ziitwazo DQ2 au DQ8, ambazo mtu huzirithi kwa wazazi wake, na molekuli hizo huvionyesha vipande kwa seli za kinga ziitwazo seli T kana kwamba ni adui. Seli T zikiamka, huchochea uvimbe unaoharibu utumbo. Aidha huzipa seli nyingine za kinga, ziitwazo seli B, ruhusa ya kutengeneza kingamwili. Ajabu ni kwamba kingamwili hizo hazilengi gluteni peke yake, bali hulenga pia transglutaminesi, kwa sababu seli B inayoikamata transglutaminesi huimeza pamoja na kipande cha gluteni kilichonaswa nayo, na kwa kukionyesha kipande hicho hupata msaada wa seli T.

Kipimo cha tTG-IgA hupima kingamwili hizo dhidi ya transglutaminesi. Transglutaminesi haiondoki mwilini hata siku moja, kwani ni yetu wenyewe, lakini bila gluteni seli B hazina cha kuzionyesha seli T, msaada unakatika, na utengenezaji wa kingamwili unafifia. Kiwango cha damu hakianguki kwa siku moja. Hushuka kwa wiki na miezi, na kwa watu wengi hurudi chini ya kikomo kati ya miezi 6 na 12, mapema zaidi kwa aliyeanza na kiwango cha chini. Mimi nilipimwa baada ya miezi saba bila ngano. Vipande vitatu vya mkate vya usiku mmoja havingeweza kubadili chochote, kwa maana mfumo wa kinga huhitaji wiki kadhaa ili kujenga upya jeshi la seli zinazotoa kingamwili hadi zionekane kwenye damu.

Niliyaelewa haya pale tu daktari bingwa wa mfumo wa chakula, ambaye nilipelekwa kwake kwa sababu ya upungufu wa damu, alipoisoma karatasi yangu na kuuliza jambo la kwanza kabisa: «Siku ulipopimwa ulikuwa unakula nini?» Nilipomweleza, aliiweka karatasi kando. Alisema kipimo kile kinaonyesha kwamba kinga yangu haishambulii transglutaminesi kwa wakati ule, jambo ambalo lingekuwa kweli kwa mtu asiye na siliaki na pia kwa mgonjwa wa siliaki aliyeacha gluteni vizuri. Hakiwezi kuwatenganisha wawili hao.

Nilimuuliza kwa nini basi nisiendelee tu kuishi bila ngano, maadamu najisikia vizuri. Jibu lake sijalisahau. Alisema wapo watu wanaosumbuliwa na ngano bila kuwa na siliaki, na wao wanaweza kula kidogo kadiri wanavyostahimili, wakati mgonjwa wa siliaki anapaswa kuikwepa hata chembe ya unga iliyobaki kwenye ubao wa kukatia mkate, maisha yake yote, anapaswa kuangaliwa mifupa na damu, na ndugu zake wa kuzaliwa nao wanapaswa kupimwa kwa sababu mmoja kati ya kumi hivi huwa nao pia. Hayo ni maisha mawili tofauti, naye hakutaka nichague moja kwa kubahatisha.

Alianza na kipimo ambacho chakula hakiwezi kukiathiri, yaani kipimo cha jeni za DQ2 na DQ8. Kama nisingekuwa nazo, siliaki ingeondolewa karibu kabisa na nisingehitaji kuteseka tena. Nilikuwa na DQ2. Hilo halikuthibitisha lolote, kwa kuwa katika jamii nyingi watu wengi sana wana jeni hizo na wengi wao hawaugui kamwe, lakini liliacha mlango wazi. Alipima pia IgA ya jumla, ambayo ni jumla ya kingamwili za aina ile mwilini. Wapo watu wanaozaliwa bila IgA ya kutosha, na hali hiyo huonekana zaidi kwa wagonjwa wa siliaki kuliko kwa watu wengine. Kwao tTG-IgA hutoka hasi hata wakila ngano kila siku, na hulazimika kupimwa kingamwili za aina ya IgG badala yake. Yangu ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo tuliweza kukiamini kipimo cha tTG-IgA iwapo tu ningerudi kula gluteni.

Kurudi huko ndiko madaktari wanakokuita jaribio la gluteni. Nilitakiwa kula angalau gramu 3 za gluteni kila siku, kiasi ambacho vipande viwili vya kawaida vya mkate wa ngano vinakifikisha. Mapendekezo ya kitabibu hayafanani kuhusu muda. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, humwambia mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 au zaidi kabla ya kupimwa, na madaktari wa Marekani walipendekeza wiki 2 kwa asiyestahimili, zikiongezwa hadi 8 kwa anayeweza. Sisi tulikubaliana wiki 8, damu ikipimwa wiki ya pili, ya nne na ya nane, na kwamba ningempigia simu ikiwa ningetapika au kuharisha kupita kiasi. Nilianza na nusu kipande kwa siku tatu, kisha kimoja, kisha viwili.

Sitaficha kwamba ilikuwa ngumu. Siku ya nne tumbo lilijaa kama zamani, na wiki ya pili usingizi ulinishika mchana kazini. Nilidhani mateso hayo yenyewe ni ushahidi tosha. Daktari aliniambia kwa upole kwamba sivyo, kwani mtu mwenye matatizo mengine ya tumbo naye anaweza kujaa gesi kwa mkate, tena wapo wagonjwa halisi wa siliaki ambao utumbo wao umeharibika lakini hawahisi kitu.

Damu ya wiki ya pili ilitoka 6, bado chini ya kikomo, nami nilivunjika moyo. Kama tungeishia hapo, ningekuwa na karatasi ya pili yenye neno lile lile. Daktari hakushtuka. Alieleza kwamba kingamwili huchelewa kuliko utumbo wenyewe, na kwamba katika utafiti mmoja wa watu wazima waliokula gluteni kwa siku 14, kingamwili zilipanda kidogo tu kufikia siku ya 14, kisha zikapanda sana kufikia siku ya 28 ilhali gluteni ilikuwa imesimamishwa wiki mbili nyuma. Wiki ya nne yangu ilitoka 21. Wiki ya nane ilitoka 58, na kipimo cha pili cha kingamwili, kiitwacho EMA, ambacho ni vigumu zaidi kutoa chanya ya uongo, nacho kikawa chanya.

Nataka kumtahadharisha msomaji juu ya mtego uliokuwa ukinisubiri pale. Jibu la wiki ya nane liliponifikia, jambo la kwanza nililotaka kulifanya ni kutupa mkate. Nilikuwa na haki ya kujisikia hivyo, lakini endoskopi ilikuwa imepangwa siku kumi na mbili mbele. Muuguzi aliyenipigia simu alinisihi niendelee na vipande vyangu viwili hadi asubuhi ya kipimo chenyewe, nikizingatia tu saa za kufunga, kwa sababu anayeacha gluteni katikati ya kipimo cha damu na biopsi, yaani kuchukua vipande vya utumbo ili vichunguzwe, huanza kupona, na utumbo unaoanza kupona unaweza kutoa picha yenye utata. Kwa watoto hali huwa tofauti kidogo: tangu mwongozo wa Ulaya wa 2020, mtoto ambaye tTG-IgA yake ni mara 10 ya kikomo au zaidi, na EMA yake ikawa chanya katika sampuli ya pili ya damu, daktari bingwa anaweza kuithibitisha siliaki bila biopsi baada ya kukubaliana na wazazi. Mimi ni mtu mzima na kiwango changu hakikufika mara sita, kwa hiyo biopsi ilihitajika.

Safari hii daktari alichukua vipande sita, vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni na viwili kutoka kwenye bulbu, yaani chumba cha mwanzo kabisa baada ya tumbo. Niliuliza kwa nini vingi hivyo, ilhali kamera haikuona jambo lisilo la kawaida hata safari hii. Alisema uharibifu wa siliaki hukaa kwa mabaka, kama shamba lililonyeshewa mvua upande mmoja, na kwa baadhi ya watu huonekana kwenye bulbu peke yake. Jicho la kamera halitoshi kuuona, na kipande kimoja kinaweza kuangukia mahali palipo salama.

Ripoti ya patholojia niliisoma pamoja naye mstari kwa mstari. Ukuta wa utumbo mwembamba wenye afya umefunikwa na vijidole vidogo sana vinavyofyonza chakula, na katikati yao kuna vishimo ambamo seli mpya huzaliwa. Kijidole huwa kirefu kama mara tatu ya kina cha kishimo au zaidi. Siliaki inapoanza, limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, hujipenyeza katikati ya seli za juu. Kisha vishimo hurefuka kwa sababu utumbo unajitahidi kuzaa seli za kufidia zinazokufa, na mwishowe vijidole hufupika na hata kutoweka. Hatua hizo hupewa namba za Marsh, kwa jina la daktari aliyezipanga mwaka 1992: Marsh 1 ni limfosaiti peke yake, zikizidi 25 kwa kila seli 100 za juu, Marsh 2 ni pamoja na vishimo virefu, na Marsh 3 ni vijidole vilivyofupika, ikigawanywa a, b na c kadiri ufupi unavyozidi.

Vipande vyangu viwili vya bulbu vilikuwa Marsh 3b. Kati ya vile vinne vya sehemu ya pili ya duodeni, viwili vilikuwa Marsh 3a, na viwili vilivyobaki Marsh 1 tu. Nikafikiri juu ya hivyo viwili vya mwisho. Kama daktari angechukua viwili pekee na bahati ikaviangukia hivyo, ripoti ingesema kuna limfosaiti nyingi basi, na limfosaiti nyingi huletwa na mambo mengi: bakteria wa vidonda vya tumbo, dawa za maumivu kama ibuprofeni, maambukizi ya utumbo. Hata Marsh 3 yenyewe haimilikiwi na siliaki peke yake. Mwishoni mwa ripoti daktari wa patholojia aliandika kwamba mabadiliko haya yanalingana na siliaki na yasomwe pamoja na vipimo vya damu, kwa kuwa vimelea vya giadia au dawa ya shinikizo la damu iitwayo olmesatani vinaweza kuleta picha ya namna hiyo. Situmii dawa hiyo, kinyesi changu hakikuwa na vimelea, na vipimo viwili vya kingamwili vilikuwa chanya nikiwa nakula gluteni. Hapo ndipo jina la ugonjwa lilipoandikwa kwenye faili langu, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya ile endoskopi ya kwanza ambayo haikugusa duodeni.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu wa kike. Alikuwa amekwisha kusikia habari za mateso yangu na, kwa upendo, alikuwa amepanga kuacha ngano pamoja nami kuanzia Jumatatu. Nilimwomba asiache. Nilimwambia aendelee kula kama kawaida, atafute kipimo cha tTG-IgA pamoja na IgA ya jumla, na aeleze waziwazi kwa daktari kwamba anakula mkate kila siku. Alifanya hivyo ndani ya wiki mbili. Kiwango chake kilikuwa cha kawaida na IgA yake ya jumla nzuri, na kwa kuwa alikuwa akila gluteni, neno «hasi» kwake lilikuwa na uzito. Hata hivyo daktari alimweleza kwamba siliaki inaweza kuanza katika umri wowote, hivyo akipata dalili apimwe upya, kwa masharti yale yale.

Mimi niliacha gluteni alasiri ya siku ya biopsi, nilipoamka kutoka kwenye dawa ya usingizi. Damu yangu ilipimwa tena baada ya miezi sita, ikatoka 17, na baada ya mwaka ikatoka 4. Namba ni ile ile ya karatasi yangu ya kwanza, na maabara imeandika neno lile lile pembeni mwake. Tofauti ni kwamba safari hii daktari ameongeza kwa kalamu, chini ya mstari huo: «Mgonjwa wa siliaki aliyethibitishwa, hali gluteni, anaendelea kupona.»